Sare za shule Lubumbashi: ipi uinunue kwanza, kwa bei gani na kabla ya tarehe gani

Karakana yetu ya Katuba inapokea oda za sare za bluu na nyeupe, na kwa kuwa wazazi wengi hutuuliza wachague ipi, tumezipanga kwa kuanzia na ile tunayoiona bora.

Ya kwanza ni sare ya kupimwa, yenye pindo la sentimita 5 kwenye suruali au sketi. Mtoto wa shule ya msingi huongezeka urefu wa sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, na karibu nusu ya ongezeko hilo huwa miguuni, kwa hiyo pindo hilo linatosha mwaka mzima. Tuchukue mvulana wa miaka 10 ambaye mguu wake kwa ndani una sentimita 63: tunamshonea suruali ya 63, kisha wakati wa likizo ya Pasaka tunaishusha sentimita 3 bila malipo. Msisubiri zaidi ya hapo, kwa maana bluu ikishapauka, mstari wa pindo la zamani hauondoki hata kwa pasi.

Ya pili ni sare iliyokwisha kushonwa, ambayo tunayo katika saizi tatu: miaka 6 hadi 8, 9 hadi 12, na 13 hadi 17. Ni nafuu, lakini pindo lake ni la sentimita 2 tu, na mzazi anayechukua saizi kubwa ili mtoto aikulie huona suruali ikining'inia na kuchanika mapema kwenye mshono wa katikati ya miguu.

Ya mwisho ni kutuletea kitambaa chenu. Tunakubali, ila kikiwa cha pamba tupu lazima kifuliwe kabla ya kukatwa, la sivyo kitarudi baada ya kufuliwa. Ili kukitambua, choma uzi mmoja: wa pamba huacha majivu laini, wa poliesta huyeyuka na kuwa kidonge kigumu.

Kwa saizi ya miaka 9 hadi 12, suruali au sketi ya kupimwa ni dola 8 na shati dola 6. Iliyo tayari ni dola 6 na 5. Saizi ndogo hupungua dola 1 kwa kila nguo, kubwa huongezeka dola 1. Vumbi jekundu la Septemba halina huruma kwa shati jeupe, kwa hiyo tunashauri mashati mawili kwa suruali moja, yaani dola 20 kwa mvulana yule.

Avansi ni nusu, hapa dola 10, kwa sababu ndiyo inayonunua kitambaa. Baada ya kukata hairudishwi. Salio hulipwa mtoto akishaijaribu sare, na faranga zinapokelewa kwa bei ya siku hiyo. Oda za kupimwa zinafungwa tarehe 9 Agosti na kukabidhiwa ifikapo tarehe 25, ili ibaki wiki moja ya marekebisho kabla ya shule kufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Atakayechelewa atapata zilizo tayari pekee.