Besi 1, x, x² au 1, x, x²/2?

Tuseme unadifrenshieti polinomia zisizozidi digrii 2. Kwa besi 1, x, x² unadifrenshieti kila moja alafu majibu unayapanga kama kolamu, 1 inatoa 0, x inatoa 1, x² inatoa 2x:

```
0 1 0
0 0 2
0 0 0
```

Sasa weka x²/2 badala ya x², inatoa x tupu, ile 2 inakuwa 1, matriksi inapandisha namba ngazi moja tu basi. Safi sana ukidifrenshieti mara nyingi mfululizo.

Ila 3x²+5x huku inaandikwa (0,5,6) sio (0,5,3), na hapa ndo wengi wanachemsha, wanachukua (0,5,6) wanazidisha na matriksi ya kwanza wanapata 12x+5 wakati jibu ni 6x+5. Kwa hesabu za kawaida mi nabaki na ya kwanza, koefishenti unazisoma moja kwa moja.