Nilituma picha ya swali la lifti, nikarudishiwa kosa langu la varianzi

Huduma niliyotumia ni ya kawaida: unapiga picha swali la hisabati, unalituma pamoja na jaribio lako, na mwalimu analifanya kwa mkono kwenye karatasi kisha anakurudishia picha ya karatasi hiyo. Nimeitumia mara mbili kwa swali moja la takwimu lenye sehemu mbili. Mara ya kwanza niliridhika sana. Mara ya pili sikuridhika.

Swali lilikuwa hili. Uzito wa mwanamume, kwa kilo, unafuata mgawanyo wa kawaida N(76, 9²), na wa mwanamke N(64, 8²). Wanaume 5 na wanawake 3 wasiohusiana wanaingia kwenye lifti yenye kikomo cha kilo 620. Tafuta wastani na varianzi ya uzito wao wote kwa jumla, kisha uwezekano wa kuzidi kikomo.

Kabla ya jibu, mwalimu aliniandikia swali: "Hapo juu ya 9 na 8 kuna kijinamba cha mraba au hakuna?" Nikaifungua picha yangu na kuikuza. Kivuli cha mkono kilikuwa kimepita palepale, na vile viwili vidogo vya juu vilikuwa vimefifia kabisa. Kwake ilisomeka N(76, 9) na N(64, 8).

Hili si jambo dogo. Katika uandishi huu namba ya pili ndiyo varianzi, yaani mraba wa mkengeuko sanifu. Ukiandika 9², mkengeuko sanifu ni kilo 9. Ukiandika 9 tu, mkengeuko sanifu unakuwa kilo 3. Mwalimu alieleza kilichomtia shaka: kwa kilo 3, karibu wanaume wote wangekuwa kati ya kilo 67 na 85, kwa kuwa mikengeuko mitatu kila upande inabeba asilimia 99.7 ya watu. Wanaume hawafanani uzito kiasi hicho. Angeendelea bila kuuliza, varianzi ya jumla ingekuwa 69 na uwezekano wa kuzidi kilo 620 ungekuwa karibu sifuri kabisa. Nilipiga picha upya karibu na dirisha, na safari hii nikaandika kwa kalamu pembeni: "9 mraba, 8 mraba".

Sasa kwenye jaribio langu. Wastani nilikuwa nimepata vizuri: 5 × 76 ni 380, 3 × 64 ni 192, jumla kilo 572. Kwenye varianzi niliandika 25 × 81 + 9 × 64, nikapata 2601. Kipeuo cha pili cha 2601 ni 51 kamili, bila desimali yoyote, na ukamilifu huo ndio ulionifanya niamini kuwa nimepatia. Namba ilitoka safi mno nikaona haiwezi kuwa kosa. Nikaenda mbele: (620 − 572) ÷ 51 ni 0.94, jedwali la mgawanyo wa kawaida likanipa 0.8264, nikatoa kwenye 1 na kuandika uwezekano wa 0.174.

Mwalimu alizungushia duara ile 25 na chini yake akachora watu watano wa vijiti, wamesimama kwa mstari. Pembeni akachora mtu mmoja tu, mkubwa mno, mara tano ya wenzake. Chini ya mchoro wa kwanza akaandika X₁ + X₂ + X₃ + X₄ + X₅, chini ya wa pili akaandika 5X. Mimi nilihesabu wa pili. Katika 5X unampima mwanamume mmoja na kuzidisha uzito wake kwa 5, kwa hiyo akiwa mzito kwa kilo 10 kupita wastani, jumla nayo inapotoka kwa kilo 50 nzima. Hapo ndipo mraba wa 5 unapostahili. Lakini wanaume watano tofauti hawaegemei upande mmoja: mmoja ana kilo 85, mwenzake 70, na mapungufu ya huyu yanafidia ziada ya yule. Varianzi zao zinajumlishwa tu, moja moja, mara tano.

Nilisoma kitabu kinachosema jambo hilohilo kwa alama, lakini halikuingia mpaka nilipoona yule mtu mmoja mkubwa amesimama pekee yake kwenye karatasi.

Akaendelea hivi: 5 × 81 ni 405, 3 × 64 ni 192, varianzi ya jumla ni 597. Mkengeuko sanifu ni kipeuo chake cha pili, 24.43. Kisha 48 ÷ 24.43 ni 1.96, jedwali linasoma 0.9750. Akachora mkunjo wa mgawanyo wenye umbo la kengele, akatia kivuli mkia wa kulia, na kuandika kuwa jedwali linatoa eneo la kushoto, hivyo tunatoa kwenye 1: uwezekano ni 0.025. Mimi nilisema lifti itazidiwa zaidi ya mara moja katika kila sita. Kumbe ni mara moja katika arobaini.

Pembeni aliongeza onyo ambalo sikuwa nimeliomba: usijumlishe mikengeuko sanifu yenyewe. Ukifanya 5 × 9 + 3 × 8 unapata 69, ambayo si mkengeuko wa kitu chochote hapa. Unajumlisha varianzi kwanza, kipeuo cha pili unakitafuta mwishoni. Na akapigia mstari neno "wasiohusiana" kwenye swali. Wastani unajumlishwa hata kama vigeu vinategemeana, lakini varianzi haijumlishwi hivi bila uhuru. Wakiingia watu watano wa timu moja ya wanyanyua uzito, mmoja akiwa mzito wenzake nao ni wazito, na 405 inakuwa ndogo kuliko ukweli.

Sehemu ya pili iliuliza kikomo kiwe kilo ngapi ili uwezekano wa kuzidiwa uwe asilimia 1. Niliituma jioni, ikajibiwa na mwalimu mwingine. Karatasi nzima ilikuwa na mstari mmoja: 572 + 2.326 × 24.43 = 628.8. Jibu ni sahihi, nimelihakiki. Lakini 2.326 imetoka wapi? Hakueleza. Ilinichukua muda kugundua kuwa hapa jedwali linasomwa kinyume: unatafuta 0.99 ndani ya jedwali, halafu unatoka nje kusoma thamani inayolizaa, kwa sababu mkia wa kulia ni 0.01. Nilimwandikia kuuliza, akanijibu "ni thamani ya kawaida". Kwa mtu anayejifunza hilo halitoshi, na huduma isingepaswa kuacha tofauti kubwa namna hii kati ya walimu wake wawili.

Nyota nne, na ile ya tano imezuiwa na karatasi ya pili. Kwa anayetaka kuijaribu: tuma jaribio lako hata kama unalionea aibu, maana bila ile 25 yangu mwalimu asingejua cha kuzungushia duara. Na vijinamba vya juu viandike kwa maneno pembeni mwa swali kabla ya kupiga picha.