Notisi au kuvunja kwa kosa: kuachana na mwenye Kosta ya wafanyakazi

Ofisi iliyokodi Kosta ya kupeleka wafanyakazi Mtumba kutoka Nkuhungu, jijini Dodoma, ina njia mbili za kumaliza mkataba. Ya kwanza ni notisi: tuseme kodi ni shilingi 3,000,000 kwa mwezi na mkataba unadai siku 30, barua ikipokelewa tarehe 10 Juni, gari linaendelea kulipiwa hadi 10 Julai, hata likichelewa kila asubuhi. Ni gharama, lakini hakuna cha kuthibitisha.

Ya pili ni kuvunja kwa sababu ya kosa, ambayo huokoa fedha hiyo na, chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huruhusu kudai fidia ya hasara iliyothibitishwa. Hapa ndipo ofisi nyingi hukwama: daftari la safari halina saa wala saini ya dereva, onyo lilitolewa kwa simu tu, na ankara zililipwa bila pingamizi, jambo ambalo mmiliki atalitumia kudai kwamba uchelewaji ulikubaliwa. Bila onyo la maandishi lenye muda wa kujirekebisha, ningechagua notisi.