Uzoefu wangu na WinDirStat: diski iliyojaa ilhali mafaili yangu hayakufika GB 6

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika hapa mkoani Mtwara, na kazi yangu ya msimu wa korosho yote imo ndani ya laptopu moja: rejesta ya wakulima, uzito wa kila gunia lililopokelewa na nakala za stakabadhi za ghalani. Diski yake ni ya GB 128, ambayo Windows huionyesha kama GB 119 kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024. Naeleza hapa jinsi programu ya bure iitwayo WinDirStat ilivyonisaidia kujua nafasi ilikwenda wapi, pamoja na mahali ambapo programu hiyo haitoshi yenyewe.

Wiki moja kabla ya kuanza kupokea korosho, laptopu iligoma kuwaka vizuri, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Aliirudisha ikiwa na Windows mpya, inawaka upesi, lakini nyaraka zangu zote hazikuonekana. Siku ya pili ikaanza kunionya kwamba diski imejaa. Nilipomrudia, alitazama mara moja tu akasema, "Dada, diski hii ni ndogo, nunua ya GB 512. Na yale mafaili ya zamani ndiyo basi tena." Niliondoka pale nikiwa na huzuni ya kweli, kwa sababu rejesta ile ilikuwa na majina na namba za wakulima niliyoyakusanya kwa misimu mitatu.

Jioni nilifungua Settings, kisha System, kisha Storage. Nafasi iliyotumika ilikuwa GB 112, na iliyobaki GB 7. Katika hizo 112, System & reserved ilichukua 36, Other ikachukua 47, programu zilizosimikwa 14, na Temporary files 9. Vyangu mwenyewe, yaani nyaraka chache nilizokwisha kuandika upya na picha, havikufika 6. Neno Other ndilo lililonisumbua zaidi. Windows huliweka juu ya kila folda ambayo haikuweza kuipanga katika makundi yake, kwa hiyo si aina ya mafaili bali ni kapu la mabaki, na ukubwa wake haukuambii chochote mpaka uone kilichomo.

Nilijaribu njia ambayo watu wengi huanza nayo: nikafungua diski C, nikachagua folda zote, nikabofya Properties. Jumla ilitoka GB 63, si 112. Tofauti hii ya karibu GB 50 inatisha ukiiona mara ya kwanza, lakini ina maelezo. Folda zilizofichwa haziingii katika uteuzi wako kama hujaamuru zionekane, na folda ambazo akaunti yako haina ruhusa ya kuzisoma huhesabiwa kama hazina kitu. Kwa hiyo jumla ndogo kuliko inayoonyeshwa na diski si dalili ya diski mbovu. Ni dalili kwamba kuna vitu ambavyo hujaviona.

Nilimpigia mpwa wangu anayefanya kazi za kompyuta Lindi. Baada ya salamu nikamweleza, naye akanijibu, "Shangazi, weka WinDirStat, lakini usifute kitu chochote kabla hujaniambia unaona nini ndani ya Windows.old." Faili la kusimika lilikuwa la MB chache, hivyo kifurushi changu cha intaneti hakikuumia. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuifungua kwa kubofya kawaida, na ikawa imefungwa macho vilevile kama mimi. Nilipoifunga, nikabofya alama yake kwa kitufe cha kulia na kuchagua Run as administrator, ilichanganua diski nzima kwa muda wa dakika nne hivi, na safari hii hesabu ikakaribiana na ile ya Storage.

Hapo ndipo uzuri wa programu hii ulipo. Juu huorodhesha folda kuanzia kubwa kwenda ndogo, na chini huchora diski yote kama shamba lililogawanywa vipande vya rangi, kila faili kipande chake, na ukubwa wa kipande ukilingana na ukubwa wa faili. Ukibofya kipande kikubwa, orodha inakupeleka moja kwa moja kwenye faili hilo. Huhitaji kujua jina la unachokitafuta.

Folda ya kwanza kwa ukubwa, ukiiacha ile ya Windows yenyewe, ilikuwa C:\Windows.old yenye GB 39. Hii huzaliwa pale Windows inaposimikwa juu ya nyingine bila diski kufutwa: mfumo wa zamani husukumwa ndani ya folda hiyo ili uweze kurudi nyuma ukipenda. Kwa kawaida mfumo huiondoa wenyewe baada ya siku 10, na yangu ilikuwa na siku 6 tu. Nilipoipanua niliona GB 13 za Windows ya zamani, GB 5 za programu, na GB 21 chini ya Users. Nikaingia Users, nikakuta jina la akaunti yangu ya zamani, nikaingia Documents. Rejesta ilikuwepo. Folda za misimu yote mitatu zilikuwepo, na tarehe zake zilezile. Nilifungua lahajedwali moja nikalinganisha majina matano na daftari langu la karatasi, na yote yalilingana.

Ningependa msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu maelekezo mengi ya kusafisha diski husema tu kwamba Windows.old ni takataka na ifutwe. Ikiwa mfumo ulipandishwa daraja na nyaraka zako ziko mahali pake, maelekezo hayo hayana ubaya. Lakini ikiwa ulisimikwa upya na nyaraka zako hazionekani, huenda folda hiyo ndiyo nakala pekee iliyobaki, na siku 10 zinahesabika. Nilinakili Documents na Downloads, jumla GB 6, kwenye flashi, nikazifungua kutoka kwenye flashi kwa kompyuta nyingine ya ofisini, na ndipo nikaridhika.

GB 15 zilizobaki chini ya Users zilikuwa katika AppData, folda ambayo Windows huificha. Karibu zote zilikuwa za WhatsApp ya kompyuta. Ndani ya AppData\Local\Packages kuna folda yenye jina refu linaloanza na 5319275A.WhatsAppDesktop, na ndani yake, chini ya folda inayoitwa transfers, nilikuta video, sauti na picha za makundi yangu yote: matangazo ya minada, video za harusi, na hotuba ileile imepakuliwa mara nne kutoka makundi manne. Sikuwahi kubofya kuzihifadhi. Programu ilizipakua yenyewe kwa kuwa upakuaji wa moja kwa moja ulikuwa umewashwa, na kwa vile hazikupita kwenye Downloads sikuwahi kuziona. Katika WhatsApp mpya nimeuzima upakuaji huo wa video na nyaraka.

Baada ya hapo nilifuta, lakini sikufuta kwa WinDirStat. Ina uwezo wa kufuta, na kwangu hilo ndilo jambo la kuhofia ndani yake, kwa sababu inaonyesha ukubwa tu na haikuambii kipi ni salama kuondoa. Windows.old hasa haitaki kufutwa kwa mkono, maana mafaili mengi ndani yake yana ruhusa za mfumo na utaishia kufuta nusu. Niliandika cleanmgr kwenye sehemu ya kutafutia, nikachagua diski C, nikabofya Clean up system files, nikasubiri ihesabu upya, ndipo nikaweka alama kwenye Previous Windows installation(s) na Temporary Windows installation files. Hii ya pili iliondoa folda nyingine iliyofichwa, $Windows.~BT, iliyokuwa na GB 5 za mafaili ya usimikaji. Kazi hiyo ilichukua kama dakika 20. Ukikubali, huwezi tena kurudi kwenye Windows ya zamani. Anayependelea kupitia Temporary files ndani ya Settings aangalie mstari ulioandikwa Downloads: ukiwekewa alama, folda yako yote ya Downloads inafutwa, na wengi wetu ndimo tunamoacha stakabadhi.

Kilichobaki kikubwa kilikuwa C:\Windows\SoftwareDistribution\Download, GB 6, ambamo masasisho hupakuliwa kabla ya kusimikwa. Intaneti yetu ikikatika katikati, vipande hubaki humo. Kwanza niliwasha kompyuta upya ili sasisho linalosubiri limalizike, kisha nikafungua Command Prompt kama msimamizi na kuzima huduma mbili:

```
net stop wuauserv
net stop bits
```

Nikafuta vilivyomo ndani ya folda hiyo, si folda yenyewe, kisha nikaziwasha huduma kwa amri zilezile nikibadilisha stop kuwa start. Faili likikataa kufutwa, kwa kawaida huduma moja imejiwasha tena, nawe huna budi kurudia amri. Pia nilizima hibernation, yaani ule usingizi ambao kompyuta huhifadhi kazi zilizo wazi kwenye diski kisha ikazimika, kwa powercfg /h off, nikapata GB 3 nyingine. Laptopu yangu sasa haiwezi kulala kwa njia hiyo, na kuwaka kwake kumechelewa kidogo.

Kuna folda moja niliyoiacha kama ilivyo nayo ni C:\Windows\WinSxS. Inaonekana kubwa sana, lakini mafaili yake mengi ni yaleyale yanayotumika kwingineko ndani ya Windows, yakiwa na majina mawili kwa data moja, hivyo Explorer huyahesabu mara mbili. Ukiifuta kwa mkono unaua mfumo. Ukubwa wake halisi huonekana kwa amri hii, nayo ndiyo inayosema kama usafi unapendekezwa:

```
Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore
```

Kwangu ilijibu kwamba haupendekezwi.

Baada ya kurudisha nyaraka zangu kutoka kwenye flashi, nafasi tupu ilifika GB 54, na Other ikashuka hadi GB 3. Diski ya GB 512 sikuinunua. Wiki tatu zimepita tangu siku hiyo. Jana nilichanganua tena kwa WinDirStat nikakuta SoftwareDistribution ina GB 1 na folda ya WhatsApp haijafika MB 400, na rejesta ya msimu huu inaendelea kujazwa katika lahajedwali lilelile nililolitoa ndani ya Windows.old, huku nakala yake ikiwa kwenye flashi droo ya ofisini.