Uzoefu wangu: mchanganuo umerudi umepangwa vizuri, milioni 21 hazimo

Naandika nikiwa na hasira na sitazificha. Kikundi chetu cha akina mama hapa Singida tunakamua alizeti. Rasimu ya mpango wa biashara tulikuwa nayo, imeandikwa kwa mkono na kuchapwa, kila kitu kimo ila kimechanganyika: bei ya mbegu imeingia katikati ya habari za wateja, stoo imekaa pamoja na faida. Benki wakataka sehemu nne: muhtasari, soko, uendeshaji na fedha. Tukamlipa mtu anayejitangaza kuwa mtaalamu wa maandiko, atupangie upya. Kupanga tu.

Kazi ilirudi inapendeza machoni. Nikafungua ukurasa wa fedha, damu ikanichemka.

Anayejua alizeti anajua kwamba haisubiri mtu. Mavuno huku kwetu yanakuja kuanzia kama Mei, na bei nzuri ya kununulia ni Juni na Julai, wakulima wanapohitaji pesa. Ukichelewa, mbegu zimeshahamia kwa wafanyabiashara wakubwa na bei imepanda. Kwa hiyo tuliandika wazi kwamba tutanunua magunia 600 kwa mkupuo, shilingi 55,000 kila gunia, tuyaweke stoo, kisha tukamue 60 kwa mwezi kwa miezi 10. Hiyo ni milioni 33 zinazotoka kabla hata nusu ya mafuta haijauzwa. Kikundi kina milioni 12. Pengo ni milioni 21.

Yule bwana aliichukua aya hiyo akaipeleka kwenye uendeshaji, chini ya stoo, akaona kazi imekwisha. Kwenye fedha akaweka jedwali lake la siku zote: malighafi milioni 3.3 kila mwezi, sawasawa, Julai hadi Aprili. Kwa jedwali hilo kila mwezi unabaki na salio, utadhani tunanunua mbegu kama mwenye duka anavyonunua sukari. Kwa hesabu ya faida ya mwaka si kosa, maana jumla ni ile ile milioni 33. Ila mtiririko wa fedha hauulizi jumla, unauliza pesa inatoka lini. Ukiiweka milioni 33 Juni na Julai inakotakiwa kukaa, salio linazama chini ya sifuri mwanzoni kabisa.

Muhtasari ndio ulioniumiza zaidi. Sisi tuliomba milioni 39: 18 za mashine na 21 za mtaji wa kununulia mbegu. Yeye aliuandika kwa kutazama jedwali lake, na kwa kuwa jedwali halina pengo, ombi likawa milioni 18. Nilimpigia simu. Akanijibu, "Mama, mambo ya fedha yana fomula zake, wewe niachie." Akakata.

Muda ulikuwa umetubana, mwenyekiti akaupeleka hivyo hivyo. Dada wa mikopo alisoma muhtasari, akaruka hadi fedha, akarudi uendeshaji. Akaweka kidole kwenye yale magunia 600 akauliza: "Haya mnayanunua kwa pesa ipi? Maana hapa mnaomba mashine isiyo na alizeti." Faili likarudishwa.

Nisimdhulumu lakini. Sehemu ya soko aliifanya vizuri kuliko tulivyoweza sisi. Mashudu tulikuwa tumeyataja kwa mstari mmoja, kama makapi. Yeye akayatoa, akayapa nafasi yake na wateja wake, wafugaji wa kuku na ng'ombe, mbali na wanunuzi wa mafuta. Ukikadiria kilo 45 za mashudu kwa gunia, kwa magunia 60 ni kilo 2,700 kila mwezi. Hiyo ni biashara ya pili ndani ya biashara, na dada wa benki aliisifu. Kwa sehemu hiyo peke yake nilikuwa nimeanza kusema pesa yetu haikupotea.

Halafu nikakumbuka ile simu. Hapana. Mtu aliyekabidhiwa andiko la watu alitakiwa ashike namba moja, hayo magunia 600, aifuate kutoka soko hadi uendeshaji, hadi fedha, na muhtasari auandike mwisho kabisa. Angefanya hivyo angeliona pengo kwa muda wa kunywa chai. Sasa tumeirekebisha fedha wenyewe, mwezi kwa mwezi, na muhtasari umerudi kusema milioni 39. Soko lake tumeliacha kama alivyoliandika. Pesa ya kazi ya fedha nimemdai anirudishie, ujumbe ameusoma, hajajibu.