Boksi la kujumlisha la analogia au kompyuta peke yake? Uzoefu wangu

Naanza na jibu kabisa: kwenye kujumlisha stemu, yaani makundi ya ala na sauti za wimbo, ziwe miksi moja, kwangu boksi lenyewe halijaishinda kompyuta. Kilichoshinda ni zile priampu mbili zinazokaa nyuma yake, na nimelijua hilo baada ya jaribio moja ambalo sioni mainjinia wengi wakilifanya.

Boksi langu ni la pasivu, chaneli 16, ndani ni rizista tu. Stemu nane za stirio zinatoka kwenye konvata, zinaingia humo, zinajumlishwa. Sasa chaneli nane zikikutana kila upande, kila moja inabaki na moja ya nane ya volteji yake, hiyo ni kama dB 18 zimeshuka (boksi zingine hushusha zaidi), kwa hiyo lazima uirudishe juu kwa priampu, na zangu zina transfoma. Mtu anasikia besi imenenepa anasema boksi hilo, kumbe ishapita kwenye transfoma mbili.

Wengi wanalinganisha miksi A iliyojumlishwa ndani ya kompyuta na miksi B iliyopita kwenye boksi, basi. Halafu B mara nyingi iko juu nusu dB hivi na mwenyewe hajui, na sikio hata liwe la mzoefu vipi linapenda kilicho juu. Mi nikaongeza miksi C: nimejumlisha ndani ya kompyuta, ile stirio moja nikaitoa kupitia chaneli mbili tu za boksi lilelile, priampu zilezile, gein haijaguswa. Zile chaneli 14 zingine usizichomoe bana, ziache zimeungwa kwenye konvata zikitoa ukimya, maana ukizichomoa rizista zake zinaning'inia, mgawanyo unabadilika na sauti inapanda. Pia stemu zote nilizishusha dB 6 mapema, kwa B na C sawasawa, ili jumla isiipasue konvata.

Kama utamu unatoka kwenye kujumlisha, B na C zitatofautiana. Kama unatoka kwenye priampu, zitafanana.

Kulinganisha kwenyewe ni kugeuza polariti ya miksi moja na kuijumlisha na nyingine, zinakatana, na mabaki ndiyo tofauti yao. Kabla ya hapo kuna vitu vinaharibu jaribio kimyakimya. Korasi na riverbu zinazoyumba hazitoki sawa mara mbili, kwa hiyo geuza kila kitu kiwe audio kwanza. Kompresa ya njia kuu iondoe, maana haibani stemu moja moja kama inavyobana zikiwa pamoja. Na pima chaneli za konvata kwa toni ya 1 kHz uzisawazishe, kwa sababu tofauti ya dB 0.1 peke yake inaacha mabaki ya kama dB 39 chini ya muziki hata kama kila kitu kingine ni sawa, na mtu akiyaona hayo anashangilia kwamba kasikia analogia! Mwisho pitisha B mara mbili uzikate zenyewe kwa zenyewe, hapo unajua sakafu ya vifaa vyako iko wapi.

Matokeo sasa. A na B, nimesawazisha sauti, nimezipanga hadi sampuli, nimegeuza polariti ya moja, kikabaki kitu cha kusikika kabisa, kiki na besi zenye uchafu fulani, ile ni transfoma. B na C kikabaki kimnong'ono chembamba cha kiwango cha makosa ya usawazishaji, besi chafu haimo. Kusikiliza bila kujua ipi ni ipi, A na B nilizitenganisha pale besi inapoingia kwenye kiitikio, B na C sikuweza. Na ndivyo inavyotakiwa, rizista zinajumlisha tu, haziongezi chochote cha maana, na kompyuta yenye hesabu za 32-bit float inajumlisha vilevile, makosa yake yako chini mno ya kelele ya konvata yenyewe.

Kuna hali moja siipingi: boksi lenye transfoma au ampu kwa kila chaneli, ukalisukuma kwa nguvu. Hapo kiki inachafuka peke yake kabla haijakutana na vokali, wakati kwenye C zinakutana kwanza ndio zichafuke pamoja, na unaisikia vokali inakwaruza kila kiki inapopiga. Hiyo tofauti ni ya kweli. Ila ni saturesheni ya kila stemu, unaweza kuipata kwa plagini au kwa kupitisha stemu moja moja kwenye kifaa kimoja kizuri, mradi uwe na subira.

Siku hizi natoka na chaneli mbili tu, zinapita kwenye pedi inayoshusha kiasi kilekile boksi lilichokuwa linashusha, impidansi yake ya kutokea ifanane na ya boksi ili transfoma isibadilike tabia, kisha priampu. Chaneli 14 zilizobaki za konvata nimezipa kompresa na ikwalaiza za nje, huko zinafanya kazi ninayoisikia.