Tahadhari: ufunguo wa akiba "wa kujisajilia mwenyewe" hauwashi gari lenye immobilaiza

Ndugu wenye magari ya zamani, kuna wauzaji mtandaoni wanaouza ufunguo wenye rimoti pamoja na maelekezo: chomeka, chomoa, fungua na funga mlango mara kadhaa, bonyeza vitufe. Milango ikiitikia, wanadai kazi imekwisha na wanataka pesa yao. Usilipe bado.

Kilichosajiliwa hapo ni rimoti tu, na kazi yake ni loki za milango. Immobilaiza, yaani mfumo unaozuia injini kuwaka bila ufunguo unaotambulika, haiitegemei. Inatafuta chipu ndogo isiyo na betri ndani ya kichwa cha ufunguo, ambayo hupata umeme kutoka kwenye koili inayozunguka swichi. Kompyuta ya gari isipoitambua chipu hiyo, hukata mafuta au moto wa plagi. Katika magari mengi stata itazunguka vizuri, lakini injini itashika sekunde moja au mbili kisha izime, au isishike kabisa, huku taa ya ufunguo kwenye dashibodi ikipepesa. Msikubali kuuziwa pampu ya mafuta kwa dalili hiyo.

Hila mbaya zaidi ni ya kujaribu ufunguo mpya ukiwa kwenye pete moja na wa zamani. Koili inasoma chipu ya ule wa zamani, gari linawaka, nawe unaamini. Weka wa zamani nje ya gari, washa kwa mpya, acha injini iungurume dakika nzima, zima, rudia.

Njia za kweli zipo. Chipu nyingi za zamani zinaweza kunakiliwa: fundi husoma chipu yako na kuandika namba ileile kwenye chipu tupu inayokubali kuandikwa. Ni haraka na gari haliguswi, lakini kompyuta inaona ufunguo mmoja tu, hivyo nakala ikiibiwa huwezi kuifuta bila kufuta na wako.

Njia ya pili ni kusajili chipu mpya kwa mashine. Hapa aina ya ufunguo ulionao ni muhimu. Chukulia Toyota ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliyobaki na ufunguo wa kijivu tu, ule wa kumwachia mwegesha magari. Huo unawasha gari, ila hauwezi kuidhinisha ufunguo mwingine. Unahitajika ule mkuu, mweusi. Bila huo, au funguo zote zikipotea, mara nyingi fundi hulazimika kufungua kompyuta na kuandika upya kumbukumbu yake. Anayekuahidi kuimaliza kazi hiyo kwa simu anakudanganya.

Na msajili akiwa kazini, mwambie akuonyeshe idadi ya funguo zilizosajiliwa kabla na baada, kama mashine inaisoma. Ukiwa na funguo mbili mkononi na skrini inaonyesha tatu, kuna mtu mwingine anayeweza kuliwasha gari lako. Zifutwe zote hapohapo, kisha zisajiliwe zako mbili tu.